Malipo ya Milele kwa Gilda Elfu Moja

Tarehe 15 Mei 1648 huko Uholanzi, chombo kilichosimamia kingo za mto Lek, kwa jina Lekdijk Bovendams, kiliuza hatifungani iliyoandikwa juu ya ngozi ya mbuzi. Kilihitaji fedha za ujenzi wa kuzuia maji. Mnunuzi alitoa gilda 1,000, na hakuna siku aliyopangiwa kurudishiwa fedha hizo. Alichoahidiwa ni riba ya asilimia 5, yaani gilda 50 kila mwaka, bila ukomo. Chombo kilichorithi deni hilo kinailipia hatifungani ile mpaka karne hii.

Ninapoitaja hatifungani hii kwenye semina zetu, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: gilda 50 kila mwaka, milele, si ni fedha zisizohesabika? Basi kwa nini aliyezinunua alilipa 1,000 tu?

Jibu linaanzia kwenye lipo moja moja. Kama fedha yako inaweza kuzaa asilimia 5 kwa mwaka, gilda 50 utakazopata mwakani ni sawa na 47.62 mkononi leo, kwa sababu 47.62 ukiiweka mahali itakuwa 50 baada ya mwaka. Lipo la mwaka wa pili ni sawa na 45.35 leo, la tatu 43.19. Kila mwaka tunaosogea mbele tunagawa tena kwa 1.05. Ukifika lipo la mwaka wa 50, thamani yake ya leo ni gilda 4.36, na la mwaka wa 100 haifiki hata nusu gilda. Malipo yenyewe hayapungui. Kinachopungua ni uzito wake yakitazamwa kutoka leo.

Sasa tuyajumlishe, lakini tusirukie milele. Tuchukue malipo ya miaka n tu, na jumla ya thamani zake za leo tuiite P. Tukizidisha P yote kwa 1.05, kila lipo linasogea mwaka mmoja karibu nasi: la kwanza linakuwa 50 kamili, la pili linakaa pale lilipokuwa la kwanza, na kuendelea. Tukitoa P ya awali kwenye P hii iliyosogezwa, malipo yote ya katikati yanafutana. Yanabaki mawili tu, la mbele kabisa na la mwisho kabisa:

```
0.05 × P = 50 − 50 / 1.05^n
P = 1000 × (1 − 1 / 1.05^n)
```

Hapo hatujataja milele hata kidogo. Hii ni hesabu ya miaka inayohesabika, na unaweza kuihakiki kwa kikokotoo. Miaka 14 ya kwanza inatoa gilda 494.93, karibu nusu ya bei. Miaka 50 inatoa 912.80, miaka 100 inatoa 992.40, na miaka 200 inatoa 999.94.

Jumla inapanda kila mwaka, ila haivuki 1,000. Tena si kwamba inakaribia kwa mbali tu. Nipe upungufu wowote unaoutaka, hata mdogo namna gani, nami nitakutajia mwaka ambao baada yake pengo kati ya jumla na 1,000 ni dogo kuliko huo. Ukisema senti moja ya gilda, nitakujibu mwaka wa 236. Kuanzia hapo pengo liko chini ya senti moja na halitapanuka tena. Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba kikomo cha jumla hii ni 1,000. Hakuna aliyekaa akajumlisha malipo yasiyo na mwisho. Tumeonyesha tu namba ambayo jumla zenye mwisho zinaelekea. Kwa lipo lolote C na kiwango r ambacho fedha inaweza kuzaa kwa mwaka, kikiwa juu ya sifuri, namba hiyo ni C / r.

Lile pengo lenyewe, 1000 / 1.05^n, lina maana yake. Ni thamani ya leo ya gilda 1,000 zitakazopokelewa mwaka wa n. Fikiria mtu aliyeweka 1,000 benki kwa asilimia 5, akawa anachukua riba tu kila mwaka. Akiacha baada ya miaka n, mtaji wake bado uko palepale. Kwa hiyo mwenye malipo ya miaka n ana kila kitu alichonacho mwenye malipo ya milele, isipokuwa mtaji huo mwishoni, nao kadiri unavyosogezwa mbele ndivyo thamani yake ya leo inavyoyeyuka.

Wanaonunua hatifungani za Serikali ya Tanzania za miaka 25 wanaweza kuliona hili. Tuseme kuponi, yaani riba ya hatifungani, ni asilimia 12 ikilipwa mara moja kwa mwaka, na soko nalo linataka asilimia 12. Kuponi za miaka 25 peke yake zina thamani ya leo ya asilimia 94.1 ya fedha uliyowekeza. Asilimia 5.9 iliyobaki ni thamani ya leo ya mtaji utakaorudishiwa siku ya kuiva. Kama Serikali ingekuambia haitarudisha mtaji bali italipa kuponi milele, bei ingekuwa ileile.

Mambo huharibika kiwango kinapokuwa kidogo. Kwa asilimia 1, miaka 100 ya kwanza inabeba asilimia 63 tu ya thamani, na zaidi ya theluthi iko baada ya karne nzima, huko ambako hakuna anayejua mlipaji atakuwa nani. Kwa sifuri, hakuna lipo linalopungua uzito, jumla inapanda tu, na kikomo hakipo.

Malipo yanayokua kila mwaka yana mtego huohuo. Tuseme kodi ya kiwanja ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka, ya kwanza ikilipwa mwisho wa mwaka huu, na kiwango ni asilimia 10. Thamani yake ni milioni 12. Ikiwa kodi inapanda kwa asilimia 6 kila mwaka, tunagawa kwa tofauti, asilimia 4, tunapata milioni 30. Ikipanda kwa asilimia 9, tunapata milioni 120. Ikifika asilimia 10, hakuna jibu. Mimi nikiona tathmini ya kiwanja iliyojengwa juu ya tofauti ya asilimia 1, siendelei kusoma kabla sijajua nani aliamua kwamba kodi itapanda hivyo milele.

Kuna kosa dogo pia, nalo hutokea mara nyingi: fomula inadhani lipo la kwanza litakuja baada ya mwaka mmoja. Likiwa linalipwa leo, ongeza lipo moja zima.

Turudi kwenye ngozi ya mbuzi. Riba yake ilikuja kupunguzwa hadi asilimia 3.5, kisha 2.5, na leo inalipa euro 11.35 kwa mwaka. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Yale kiliinunua kwa takriban euro 24,000. Kwa kiwango cha asilimia 3, malipo hayo yana thamani ya euro 378 tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya bei ilikuwa ya ngozi na historia yake. Mwaka 2015 riba ya miaka 12 ilichukuliwa kwa mkupuo: euro 136.20. Na malipo yote yanayofuata baada ya mwaka huo, milele, kwa mnunuzi wa 1648 mwenye kiwango cha asilimia 5 na ahadi ya gilda 50, yalikuwa na thamani ya gilda 0.00002.