Siku ya chanjo ya HPV shuleni: pangeni benchi kabla ya kupanga sindano

Mwalimu mkuu akipigiwa simu na kituo cha afya kuhusu chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, swali lake la kwanza huwa ni hili: "Mtachukua muda gani?" Naye mhudumu wa chanjo hujibu kwa kuhesabu sindano. Sindano yenyewe ni sekunde chache. Nimeratibu chanjo katika halmashauri kwa miaka kadhaa, na kila siku niliyoiona ikiharibika iliharibikia mahali pawili, kwenye fomu za ridhaa ambazo hazikurudi mapema, na kwenye nafasi ya kumkalisha msichana baada ya kuchomwa. Kwa hiyo nitaeleza mambo hayo mawili, na mfano nitakaotumia ni shule moja ya msingi ya kutwa.

Tanzania ilianza kutoa chanjo hii nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili zikipishana miezi sita. Tangu Aprili 2024 tunatoa dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mabadiliko hayo yametupunguzia safari ya pili, lakini siku moja ya chanjo imekuwa nzito zaidi. Zamani tulimtafuta msichana wa umri mmoja. Sasa shule ya msingi inatuletea wasichana kuanzia Darasa la Tatu hadi la Saba.

Kazi inaanza wiki nne kabla, kwenye rejesta. Mwalimu wa darasa anaorodhesha wasichana wote pamoja na tarehe zao za kuzaliwa, na hapo ndipo ugumu unapojitokeza, kwa sababu tarehe nyingi zilijazwa kwa kukisia siku ya kuandikishwa. Binti wa Darasa la Tatu anaweza kuwa na miaka minane, na wa Darasa la Saba akawa ameshafika kumi na tano. Hatumwambii mwalimu akisie tena. Kwenye fomu tunaweka nafasi ya mzazi kujaza tarehe kwa kuangalia kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa, halafu mwalimu analinganisha. Wanaoitwa siku ile wanaitwa kwa darasa, kwa sababu mwalimu anajua darasa lake lilipo. Umri unakaguliwa kwenye karatasi mapema, si kwenye foleni.

Shule ya mfano wetu ina wasichana 212 wenye umri unaostahili. Wiki tatu kabla tunafanya kikao cha wazazi, na tunamwomba mwalimu mkuu akiweke siku isiyo ya gulio. Mimi husimama mbele ya wazazi na kuwaachia maswali kwanza. Swali la ugumba huja kila mara, mara nyingi kwa mama aliyeketi nyuma, na ninamjibu wazi: chanjo haigusi kizazi. Inaufundisha mwili kukitambua kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na ndiyo maana tunaitoa kabla binti hajaanza maisha hayo. Baba mmoja akiuliza, "Sasa mbona mnamchanja mtoto wa miaka tisa?", jibu ni lile lile. Chanjo inakinga maambukizi yajayo, na haiondoi yaliyokwisha kuingia.

Fomu tunaigawa mwisho wa kikao, na kwa wazazi ambao hawakufika inapelekwa na mtoto siku inayofuata. Iwe ukurasa mmoja. Juu iandikwe ni chanjo gani, inakinga nini, ni dozi moja, itatolewa tarehe ipi, na namba ya simu ya kituo cha afya. Chini kiwepo kipande cha kukata chenye jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, swali kama amewahi kupata mzio mkali baada ya chanjo yoyote, na visanduku viwili, NAKUBALI na SIKUBALI. Mzazi asiyejua kuandika anaweka dole gumba mbele ya mtu anayemsomea.

Fomu ieleze pia nini kitafanyika isiporudi. Kuna sehemu wanaotumia barua ya taarifa, ambapo mzazi asiyetaka ndiye anayeandika, na kuna wanaodai sahihi ya kila mzazi. Njia zote mbili zinatumika, lakini msizichanganye ndani ya shule moja. Mkishawaambia wazazi kwamba sahihi inahitajika, fomu isiyorudi si ruhusa, na mwalimu hawezi kuisaini kwa niaba ya mzazi hata kama anaamini mzazi angekubali. Niliwahi kufika shule ambako mwalimu alisaini fomu kumi na moja asubuhi ile kwa nia njema kabisa. Jioni mama mmoja alifika akiuliza nani alimruhusu, na hatukuwa na jibu. Binti yake hakudhurika, lakini kijiji kile hakikutukaribisha tena kwa muda mrefu.

Swali moja sitaki liwemo kwenye fomu, nalo ni la ujauzito. Kwa wajawazito tunaahirisha chanjo hii. Kumwandikia baba wa binti wa miaka 13 aseme kama mwanawe ana mimba ni kumtia binti huyo hatarini. Muuguzi anamuuliza mwenyewe, mezani, kwa sauti ya chini na bila mwenzake kusikia. Kwa hiyo meza ya kuchanjia iwe mbali na foleni hatua kadhaa.

Siku tano kabla, mwalimu wa afya anakusanya vipande. Katika shule yetu, 171 wamekubali, 9 wamekataa na 32 hazijarudi. Waliokataa wanaheshimiwa, na majina yao hayasomwi mbele ya darasa. Kwa hao 32, mwalimu wa darasa anapiga simu au anamtuma mtoto tena, na mara nyingi inakutwa kwamba karatasi ililowa mvua au mlezi ni bibi asiyeona maandishi. Hawa tunawawekea siku ya pili, wiki moja baadaye. Tusiisubirie fomu ya mwisho ndipo tupange siku.

Sasa muda. Tuna meza mbili, kila moja ina mchanjaji na mwandishi. Kumkagua msichana, kumuuliza, kumchoma begani na kuandika rejesta pamoja na kadi yake huchukua kama dakika mbili. Meza mbili zinatoa basi msichana mmoja kila dakika. Kila aliyechomwa anaketi dakika 15 tukimwangalia, kwa sababu mzio mkali, ingawa ni nadra sana, hujitokeza haraka, na kuzirai hutokea zaidi katika dakika hizo. Hapa ndipo hesabu inapogeuka: kila dakika anaingia mmoja na kila mmoja anakaa dakika 15, kwa hiyo wakati wowote mtakuwa na wasichana 15 walioketi. Andaeni nafasi za watu 20, yaani madawati saba ya kukaa watatu watatu, kivulini, na mikeka miwili ya kumlaza atakayezirai, miguu ikiinuliwa. Mkiongeza meza ya tatu bila kuongeza madawati, wasichana watasimama, na anayezirai akiwa amesimama ndiye anayepasuka kichwa.

Nimeliona hilo kwa macho. Katika shule moja tulianza asubuhi sana, watoto hawajala, foleni imejipanga juani ikitazama sindano. Msichana wa kwanza alianguka, na ndani ya nusu saa wengine wanne wakafuata. Dawa haikuwa na kosa. Ilikuwa njaa, jua na woga unaoambukizana, na mpangilio ulikuwa wetu.

Siku hizi tunapangia Jumanne au Jumatano. Jumatatu watoro ni wengi, na Ijumaa ina swala, tena mtoto akipata homa jioni shule imefungwa siku mbili. Tunaukwepa mwezi wa Ramadhani kwa sababu ya tumbo tupu, na hatugusi wiki za mitihani. Mpishi wa shule anaombwa kuwapa Darasa la Saba na la Sita uji saa 2:45 asubuhi. Wengine wanakunywa saa 4:00 kama kawaida.

Darasa la Saba wanaanza saa 3:15. Ni 29, wanamaliza saa 3:45. Darasa la Sita, 35, wanaingia saa 3:50 hadi 4:25. La Tano, 41, saa 4:30 hadi 5:15. La Nne, 37, saa 5:20 hadi saa 6:00. La Tatu, 29, saa 6:05 hadi 6:35, na wa mwisho wananyanyuka kwenye benchi saa 6:50. Dakika tano kati ya darasa na darasa ni za kuhesabu chupa na fomu. Wakubwa wanatangulia kwa sababu wao ndio wanaozirai zaidi wakisubirishwa, na wao ndio wanaosimulia wadogo. Wanapotoka wapitie mlango mwingine. Darasa linalofuata linaitwa pale wanapobaki wasichana kumi, wala si shule nzima kwa pamoja.

Mwalimu anaweza kujua mambo yameanza kuharibika kwa kutazama benchi. Likijaa na mtu akasimama, meza zisite mpaka nafasi ipatikane. Hakuna haraka inayostahili kuruka zile dakika 15.

Jambo moja la kuwakumbusha wenzangu wa vituo: chanjo hii hukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 na huharibika ikiganda. Pakiti za barafu ziachwe nje kwanza mpaka ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani, ndipo ziwekwe kwenye kasha. Kwenye alama ya joto iliyobandikwa kwenye chupa, mraba mdogo ulio ndani ya duara uwe mweupe kuliko duara lenyewe. Ukifanana nalo rangi au ukazidi weusi, chupa hiyo haitumiki.

Siku hiyo wasichana sita hawakuja shuleni na mmoja alikuwa na homa kali, akaahirishwa. Waliochanjwa ni 164. Kabla gari halijaondoka, mwalimu wa afya na mwandishi wanahesabu pamoja: alama 164 kwenye rejesta, fomu 164 zilizogongwa muhuri, mabomba 164 ndani ya maboksi mawili ya taka za sindano. Namba zisipolingana, gari linasubiri. Majina ya wale saba yanaandikwa juu ya orodha ya siku ya pili, juu ya wale 32 ambao fomu zao bado zinafuatiliwa, na mwalimu mkuu anabaki na nakala.