Je, wajua kwa nini "mshono 6 mm" haumtoshi fundi wa kuchomelea?

"Nimeandika 'mshono 6 mm' kwenye mchoro wa fremu, fundi ananiuliza: 6 ya wapi? Na pembe za fremu niziandikeje?"

Fundi ana haki ya kuuliza. Mshono wa kona, ule unaokaa pale vyuma viwili vinapokutana kama ukuta na sakafu, una umbo la pembetatu, na pembetatu hiyo hupimwa kwa njia mbili. Kuna mguu, yaani kutoka konani hadi mshono unapoishia juu ya chuma. Kuna na koo, yaani njia fupi kabisa kutoka konani hadi uso wa mshono. Kiwango cha kimataifa cha alama za mishono, ISO 2553, huandika mguu kwa herufi z na koo kwa herufi a. Ukiandika z6 utapata koo la kama 4.2 mm, ukiandika a6 umedai mguu wa kama 8.5 mm, na chuma cha kujaza kinakuwa maradufu. Joto nalo linazidi, na fremu nyepesi hupinda. Wamarekani huandika kipimo cha mguu bila herufi, kwa hiyo taja kwenye mchoro ni kiwango gani unachofuata.

Tuchukue fremu ya kubebea pampu, ya bomba za mraba za 80 × 80 × 5, miguu yake ikisimama juu ya bamba la 10 mm. Mguu wa fremu unapokutana na bamba, weka z5 na alama ya pembetatu kwenye mstari usiokatika, maana yake chomelea upande ule ule mshale unaougusa. Duara dogo pale mshale unapopinda linamwambia fundi azunguke pande zote nne.

Kazi iko kwenye pembe zilizokatwa nyuzi 45. Uso wa juu lazima uwe bapa ili pampu ikae, na ndani ya bomba mkono hauingii. Usipoandika lolote, fundi atazibananisha bomba, atapitisha mshono juu, kisha grenda itaula karibu wote. Kitakachobaki ni ngozi tu. Kwa hiyo weka alama ya V yenye 60°, pengo la 2 mm na ukingo butu wa 1 mm chini yake, halafu kistari bapa juu ya alama kuonyesha mshono usawazishwe. Kila ukingo basi unanolewa kwa nyuzi 30.

Kabla ya kazi yenyewe, omba pembe moja ya majaribio. Ikatwe kwa msumeno kukatiza mshono, isuguliwe kwa msasa laini. Ukiona kistari cheusi chembamba kati ya bomba mbili chini ya mshono, mzizi haukushika. Hapo tazama kwanza kama lile pengo la 2 mm liliachwa kweli. Kuongeza kimo cha mshono juu hakusaidii, kwani grenda itakiondoa.