Picha ya daftari la mali inasema 25%, lakini 25% ya nini?

Mara nyingi kikundi kinapotafuta mkopo au kujiandaa kwa ukaguzi, karani hupiga picha ukurasa wa daftari la mali za kudumu na kuutuma kwa simu. Picha hiyo hukatika pembeni, na safu inayokatika huwa ile inayotaja njia ya kukokotoa uchakavu, yaani sehemu ya thamani ya mali inayopunguzwa kila mwaka. Bila safu hiyo, kiwango cha asilimia peke yake hakitoshi.

Tuchukue mfano wa ushirika wa wavuvi hapa Malindi. Picha inaonyesha hesabu za hadi 31 Desemba 2023. Mstari wa kwanza ni injini ya boti iliyonunuliwa mwanzoni mwa Januari 2022. Kiwango ni 25%, uchakavu wa mwaka huo ni shilingi 48,000, uliolimbikizwa ni 112,000, na thamani ya kitabuni ni 144,000. Bei ya ununuzi imemulikwa na taa ya simu, haijulikani kama ni 256,000 au 266,000. Mstari wa pili ni kompyuta ya 60,000, nayo ni 25%: uchakavu wa mwaka 15,000, uliolimbikizwa 30,000.

Anza na tarakimu iliyofifia. Thamani ya kitabuni ukijumlisha na uchakavu uliolimbikizwa lazima irudishe bei ya ununuzi: 144,000 na 112,000 ni 256,000. Basi, hakuna haja ya kukisia.

Kisha tafuta njia. Kwa kompyuta, 15,000 ni robo ya bei ya ununuzi, na miaka miwili imetozwa sawasawa. Hiyo ni njia ya kiwango sawa. Kwa injini, 48,000 si robo ya 256,000. Lakini mwaka ulipoanza thamani yake ilikuwa 144,000 na 48,000, yaani 192,000, na robo ya 192,000 ni 48,000 kamili. Hiyo ni njia ya salio linalopungua. Angalia mwaka wa pili au unaofuata, kwa sababu mwaka wa kwanza robo ya bei ni ileile kwa njia zote mbili, ikiwa thamani ya masalio, yaani ile inayotarajiwa kubaki mali ikimaliza kutumika, haikutolewa kwanza. Na kama mali ilinunuliwa katikati ya mwaka, uliza kwanza kama walitoza kwa miezi au mwaka mzima.

Sasa tulinganishe njia zenyewe. Kosa ninaloliona zaidi ni kutumia 25% kwa zote mbili na kudhani umelinganisha. Kwa kiwango sawa, 25% humaliza mali katika miaka 4. Kwa salio linalopungua, baada ya miaka 4 injini hii bado ina 81,000. Ulinganisho wa haki huzipeleka zote mbili hadi hiyo 81,000:

| Mwaka | Salio linalopungua | Kiwango sawa |
|---|---|---|
| 2022 | 64,000 | 43,750 |
| 2023 | 48,000 | 43,750 |
| 2024 | 36,000 | 43,750 |
| 2025 | 27,000 | 43,750 |

Jumla ni 175,000 kila upande. Kwa kiwango sawa tulitoa 81,000 kutoka 256,000 kwanza, ndipo tukagawanya kwa 4. Kwa salio linalopungua hatutoi, maana masalio yamo tayari ndani ya kiwango. Anayeyatoa tena hupunguza uchakavu pasipo sababu.

Tofauti hujitokeza injini ikiuzwa mapema. Tuseme imeuzwa 150,000 mwisho wa 2023. Kwa salio linalopungua, thamani ya kitabuni ni 144,000, kwa hiyo kuna faida ya 6,000. Kwa kiwango sawa thamani ni 168,500, kwa hiyo kuna hasara ya 18,500. Fedha zilizoingia ni zilezile.

Kwa maoni yangu, injini ya baharini inafaa salio linalopungua. Maji ya chumvi huila, bei yake ya sokoni huanguka mapema, na gharama za matengenezo hupanda jinsi inavyozeeka. Kabati za ofisi, ambazo hutumika vilevile mwaka baada ya mwaka, ziende kwa kiwango sawa. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu IAS 16 kinataka njia ifuate jinsi mali inavyotumika, na ipitiwe upya kila mwisho wa mwaka. Ukibadilisha njia, badilisha kuanzia hapo kwenda mbele. Hesabu za nyuma haziguswi.

Wapo wanaosimamisha uchakavu msimu wa kusi, boti zikiwa zimevutwa pwani. Kwa njia hizi mbili hairuhusiwi: mali ikikaa bure, uchakavu unaendelea.

Na takwimu hizi ni za vitabu tu. Kwa kodi ya mapato Kenya, uchakavu wa vitabuni hurudishwa kwenye faida, na badala yake hutumika punguzo la uwekezaji lililowekwa na sheria. Ukipiga picha kwa ajili ya mhasibu wa kodi, hakikisha tarehe ya ununuzi na bei vinasomeka. Safu ya uchakavu hataihitaji kukokotoa punguzo hilo.