Ada ya shule ya udereva: saa ambazo hazimo kwenye hesabu

Mpango wa shule ya udereva ukifika mezani kwangu, mimi huanzia kwenye saa za gari. Nyingi huandika saa 8 kwa siku, siku 25, jumla 200 kwa mwezi. Gari la mafunzo halifiki huko. Mwanafunzi anaghairi asubuhi ileile, klachi inayokanyagwa na wasiojua inaisha mapema, na siku ya mtihani gari linakaa foleni.

Tuchukue gari moja lenye pedali ya breki upande wa mwalimu, tuhesabu kwa uniti ili kila mtu aweke fedha yake. Uchakavu, bima, leseni na ofisi vinakula uniti 4,000 kwa mwezi, gari litembee lisitembee. Kila saa ya kazi, mwalimu analipwa 20, na mafuta, matairi na matengenezo ni 15. Kwa saa 200, saa moja inagharimu 55. Kwa saa 160, ambazo ni za kweli zaidi, inagharimu 60.

Sasa shule inauza kozi ya saa 20 kwa uniti 1,500, na anayefeli anarudia bila kulipa. Kwa macho ni 75 kwa saa, faida nono. Lakini kila mtihani unashika gari na mwalimu saa 3, na kila anayefeli hupewa saa 3 za marudio. Wakifaulu 8 kati ya 10 kila mara, mwanafunzi mmoja hutumia wastani wa saa 24.5, yaani uniti 1,470. Inabaki 30 tu. Wakifaulu nusu, kila mmoja hufanya wastani wa mitihani 2, saa zinafika 29, gharama 1,740. Shule inapoteza 240 kwa kila mwanafunzi, na kadiri inavyoongeza magari ili kuandikisha wengi kwa bei hiyo ndivyo hasara inavyokua.

Kwa hiyo angalia kiwango cha ufaulu kilivyopatikana. Tuseme wameanza 40, wakafika mtihanini 30, wakafaulu 15 mara ya kwanza na 12 baada ya kurudia. Tangazo litasema asilimia 90, yaani 27 kati ya 30, na wala si uongo. Hesabu ya ada inataka ile 50 ya mara ya kwanza. Wale 10 walioishia njiani wana swali lao.

Malipo ya mwalimu nayo yanasogeza namba hizi. Akilipwa kwa saa peke yake, hana haraka ya kumpeleka mtu mtihanini. Akilipwa kwa kila anayefaulu, atawakwepa wanafunzi wazito. Mimi ningemlipa kwa saa, siku ya mtihani ikiwemo, na kuongeza kidogo kwa kila anayefaulu mara ya kwanza. Kozi ningeiuza kwa saa 20 na mtihani mmoja, marudio yakiwa na bei yake, iliyoandikwa kwenye mkataba kabla mwanafunzi hajashika usukani.