Kumuachisha dada wa kazi: maneno ya mtaani na sheria yenyewe

"Hana mkataba, hana anachonidai."

Hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ndio ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na kesi ikifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wale wanaoitwa CMA, kama huna karatasi basi mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unakuangukia wewe bosi. Kutoandikishana kunakuumiza wewe kuliko yeye.

"Notisi nimempa, nimemwambia jana usiku ajiandae."

Hiyo sio notisi, hiyo ni kumfukuza. Anayelipwa kwa mwezi anapewa notisi isiyopungua siku 28 na iwe ya maandishi, yenye sababu na tarehe (akiwa bado kwenye mwezi wa kwanza wa kazi ni siku 7). Ukitaka aondoke leo leo inawezekana, ila unamlipa hela ya hizo siku za notisi. Na ule ujanja wa kumwambia "nenda likizo, ukimaliza usirudi" haupiti, maana notisi haitolewi mtu akiwa likizo wala haitembei sambamba na likizo yake.

"Mshahara wa mwezi na nauli, tumemalizana."

Hapa ndio wengi wanapigwa chenga, wengine kwa kutojua tu. Tuchukue familia inakaa Ilazo, Dodoma, dada walimchukua Mpwapwa, kaanza kazi tarehe 1 Machi 2023 kwa 130,000 kwa mwezi, anafanya siku sita kwa wiki. Baba kahamishiwa kikazi Mwanza, dada hataki kwenda mbali hivyo. Wakakaa naye mezani mapema wakaongea, na hilo la kuongea sio hisani, sheria inataka mtu anayepunguzwa bila kosa lake ashirikishwe kabla ya uamuzi kufungwa. Barua akapewa tarehe 1 Juni 2025, mwisho wa kazi 30 Juni.

Kwanza tafuta mshahara wa siku. Mtu wa siku sita unagawa mshahara kwa 26, hapo inatoka 5,000. Juni kafanya yote, kwahiyo 130,000 yake ipo pale pale. Likizo za miaka miwili iliyopita alishaenda, lakini kuanzia Machi mpaka Juni kuna likizo imejikusanya, siku 1 kwa kila siku 13 za kazi, na miezi minne ni kama siku 104, maana yake siku 8, yaani 40,000. Halafu kiinua mgongo, hiki ndio kinasahaulika kuliko vyote: aliyetimiza miezi 12 anapata mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Yeye ana miwili, 70,000. Jumla 240,000, na nauli yake na ya mizigo mpaka Mpwapwa iko nje ya hiyo.

Nauli inahesabiwa mpaka ulipomchukua. Kama ni mtu wa Mpwapwa lakini ulimkuta tayari yuko Majengo anatafuta kazi, hesabu ni nyingine. Na ukimzungusha na nauli, kila siku anayosubiri unawajibika na hela yake ya kujikimu, kwahiyo bora umsindikize Nzuguni stendi mapema yaishe.

"Kaiba, simpi hata mia."

Kosa likithibitishwa, na kabla ya hapo umemsikiliza akajitetea, kiinua mgongo kinaondoka. Mshahara wa siku alizofanya, likizo iliyojikusanya na nauli haviondoki. Chupa ya chai iliyovunjika nayo huikati kimya kimya, unamuandikia ni kiasi gani na umekipataje, yeye apate nafasi ya kupinga.

"Barua ni za maofisini."

Mistari michache inatosha, mfano wa familia ile ile:

*Ndugu (jina lake), kama tulivyoongea, familia inahamia Mwanza, hivyo ajira yako itafikia mwisho tarehe 30 Juni 2025. Sababu ni uhamisho tu, kazi yako haina dosari. Siku hiyo utalipwa mshahara wa Juni 130,000, likizo siku 8 40,000, kiinua mgongo 70,000, pamoja na nauli yako na ya mizigo mpaka Mpwapwa. Tunakushukuru kwa ulivyotutunzia watoto.*

Toa nakala mbili, wote msaini, na kama hasomi vizuri awepo mtu wake amsomee. Usichomekee "sina madai yoyote" wakati hela hujatoa. Hela ukituma kwa simu meseji inabaki kama ushahidi, ukitoa keshi andikishaneni. Mpe na cheti cha utumishi kinachoonyesha alifanya kazi gani na kuanzia lini mpaka lini, bosi wa Kisasa au Area D atakayemtaka kesho atauliza hicho. Akiona ameachishwa kwa uonevu ana siku 30 kupeleka shauri CMA.