Sheha alisema "yaishie hapa hapa": maungamo na gunia la karafuu mbele ya mahkama

Kwenye mikutano yetu ya shehia huku Pemba, swali halipiti siku bila kuulizwa: mtu akipigwa mpaka akakiri, mahkama itayapokea maneno yake? Jibu lake ni jepesi, haitayapokea. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13(6)(e), inakataza mtu kuteswa, na maungamo ya fimbo hayana nafasi. Kinachowapotezea wengi kesi zao ni maungamo yaliyotoka bila ya fimbo hata moja.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini mambo yake nayaona kila msimu wa karafuu. Magunia mawili ya karafuu kavu yametoweka ukumbini kwa mzee mmoja, Wilaya ya Micheweni. Anashukiwa Hamadi, kijana wa jirani. Baada ya isha sheha anamwita kibarazani, anamkaribisha kahawa, anamwambia kwa upole: "Mwanangu, sema tu. Ukisema yaishie hapa hapa, polisi hawaijui." Hamadi anainama, anasema: "Sheha, nimechukua mimi. Moja nimeshaliuza, jengine liko kile kibanda cha shambani." Wanakwenda na tochi, gunia wanalikuta, na mwenyewe analitambua kwa uzi wa kijani alioshonea mdomo wa gunia. Asubuhi mzee anabadilisha nia, anakwenda kituoni. Mchana ule ule Hamadi anaandikwa maelezo ya onyo, anakiri tena, anatia dole gumba.

Hapo ana maungamo mawili na gunia moja. Kila kimoja kina njia yake mahkamani.

Tuanze na kibarazani. Kanuni ya zamani, iliyowekwa wazi na Baraza la Faragha la London, mahkama ya mwisho ya rufaa ya makoloni ya Waingereza, katika shauri la Ibrahim mwaka 1914, ni kwamba upande wa mashtaka lazima uthibitishe kuwa maungamo yalitolewa kwa hiari, yaani hayakutokana na hofu ya kudhurika wala tamaa ya kunufaika iliyotiwa na mtu mwenye mamlaka. Watu huishika hofu, tamaa wakaisahau. "Ukisema yaishie hapa" ni ahadi, tena ahadi inayoihusu kesi yenyewe. Na mwenye mamlaka si lazima awe na sare. Linaloulizwa ni kama mshitakiwa alikuwa na sababu ya kuamini kuwa huyu anayezungumza naye anaweza kuifungua au kuizima kesi. Mtu wa shehia akimtazama sheha wake anaamini nini? Mimi sioni ugumu wa jibu.

Maungamo ya pili, ya kituoni, ni magumu zaidi. Askari hakumwahidi chochote, na onyo alimsomea: halazimiki kusema, na atakalosema laweza kutumika kama ushahidi. Lakini je, ile ahadi ya jana ilikuwa imeshatoka kichwani mwa Hamadi? Kama bado alidhani akirudia aliyomwambia sheha ataachiwa arudi nyumbani, ahadi ya kibarazani imemfuata mpaka mezani kwa askari. Mahkama hutazama muda uliopita, nani alikuwamo chumbani, na kama kuna aliyemwambia waziwazi kuwa mambo ya sheha yamekwisha, sasa ni kesi.

Yote haya hayajitokezi yenyewe. Siku ya kesi, Mahkama ya Wilaya, askari aliyeandika maelezo anasimama kizimbani na kuomba karatasi ipokelewe iwe kielelezo. Hakimu anamgeukia Hamadi: "Una pingamizi?" Hamadi hana wakili. Anajibu: "Si kweli, Mheshimiwa."

Maneno hayo matatu yanaweza kuwa na maana mbili. Huenda anasema, "Niliyasema, lakini kwa sababu niliahidiwa." Huenda anasema, "Sikuyasema kabisa, wameandika wao." La kwanza ni pingamizi juu ya hiari, na Mahkama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Twaha Ali na wenzake, ilisema pingamizi la namna hiyo likitolewa, kila kitu kisimame, hiari ichunguzwe kwanza, kabla karatasi haijapokelewa. La pili kwa kawaida hupimwa mwisho, pamoja na ushahidi mwengine. Ndiyo maana hakimu makini hamwachi mshitakiwa na jibu la "si kweli". Humuuliza anakusudia nini. Na mshitakiwa anayenyamaza hapo, akalia kwamba aliahidiwa au alipigwa wakati wa kujitetea, huwa amechelewa: karatasi imeshapewa namba na kusomwa mbele ya watu.

Uchunguzi huo mawakili huuita kesi ndani ya kesi. Upande wa mashtaka ndio unaoanza na ndio wenye mzigo. Hamadi hana la kuthibitisha, shaka ya maana inamtosha. Anaitwa askari aliyeandika, anaweza kuitwa sheha, linaangaliwa daftari la mahabusu kwa saa aliyoingia, na saa iliyoandikwa juu ya maelezo. Mwenye madai ya kupigwa huulizwa kuhusu PF3, fomu ya polisi ya kwendea hospitali. Hamadi hana kovu wala fomu. Ana maneno ya kibarazani tu, na majirani wawili waliokuwa wanakunywa kahawa. Kwa hivyo ahadi naiona hatari kuliko kofi: haiachi alama mwilini.

Jambo moja huwachanganya watu. Ndani ya kesi hiyo ndogo haiulizwi kama Hamadi aliiba. Inaulizwa tu kama alisema kwa hiari. Mtu anaweza kuwa ameiba kweli, na maungamo yake yakakataliwa.

Na yakipokelewa, safari haijaisha. Tangu shauri la Tuwamoi, lililoamuliwa na Mahkama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1967, maungamo yaliyokanwa hupokewa kwa tahadhari, na kwa kawaida hutafutiwa ushahidi mwengine wa kuyaunga mkono.

Sasa gunia. Lilipatikana kwa sababu ya maneno ambayo huenda yakatupwa. Litupwe nalo? Kwa sheria tuliyorithi, hapana. Mwaka 1954 Baraza la Faragha lilisikiliza rufaa ya Kuruma, Mkenya aliyesimamishwa akiwa juu ya baiskeli na kupekuliwa na askari wasiokuwa na cheo cha kumpekua. Walidai wamemkuta na risasi mbili na kisu kidogo. Kisu chenyewe hakikuwahi kuletwa mahkamani. Baraza lilisema ushahidi ukihusika na kesi unapokelewa, mahkama haishughuliki na njia uliyopatikana, ila hakimu ana hiari ya kuukataa iwapo kuupokea kutamdhulumu mshitakiwa. Hukumu ya kifo aliyopewa kwa risasi hizo ilibaki.

Sababu ya tofauti hiyo ni kwamba mtu mwenye tamaa au hofu anaweza kujitungia kosa, lakini uzi wa kijani haukuwekwa pale na ahadi ya sheha. Hata hivyo majirani zetu wameanza kuondoka kwenye kanuni hii: Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 50(4), inataka ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki uondolewe iwapo kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki. Na unaposikiliza wakili wa Bara mtandaoni, kumbuka kuwa Zanzibar ina Sheria yake ya Ushahidi ya mwaka 2016 na Sheria yake ya Mwenendo wa Jinai ya 2018. Vifungu anavyokutajia si vyetu.

Turudi Micheweni. Tuseme hakimu amekataa maungamo yote mawili. Limebaki gunia, uzi wa kijani, na ukweli kwamba Hamadi ndiye aliyewapeleka usiku ule. Hakimu atataka kujua kibanda kile kina ufunguo au kimefungwa kwa kamba tu, na ni nani mwengine anayelala humo msimu wa kuchuma. Kama wanalala vijana watatu, kujua kitu kilipo si sawa na kukiweka, na upande wa mashtaka utahitaji zaidi ya tochi ya sheha.