Mizani 17 pekee hazitoshi

“Si ni kuhesabu tu 5, 7, 5 na haiku imekamilika?”

Hapana. Haiku ni shairi fupi la Kijapani la mistari mitatu, na 5, 7, 5 ni mizani, yaani silabi, za kila mstari. Lakini tazama mistari hii ya mwanafunzi:

Usiku huu
nina huzuni nyingi
moyoni mwangu.

Mizani zimetimia, 17 kamili, lakini hakuna cha kuona. “Huzuni” ni jina la hisia, na “moyoni mwangu” haliongezi kitu, maana huzuni ingekaa wapi kwingine? Mwulize mwandishi: usiku huo macho yako yalikuwa yanatazama nini? Akijibu “vikombe mezani”, shairi limeanza:

Vikombe viwili—
kimoja kimepoa
hakijaguswa.

Mstari wa kwanza una mizani 6. Uache hivyo. Wajapani hawahesabu silabi kama zetu. Wanahesabu vipande vya sauti vinavyoitwa on. Kwao Osaka ni vipande 4, kwa kuwa irabu ya mwanzo huvutwa na kuhesabiwa mara mbili. Sisi tunasikia 3. Kwa hiyo 17 yao si 17 yetu.

Kinachobeba haiku zaidi ni mkato, ile pumziko baada ya “viwili”. Picha mbili zinawekwa kando kwa kando, msomaji anaziunganisha mwenyewe: kuna mtu hakuja. Ukiandika “kwa sababu hakuja”, umemnyang’anya kazi yake.

Darasani, mpe jirani shairi lako alichore. Neno lisilochoreka, kama “huzuni”, ndilo la kwanza kufutwa. (“Hakijaguswa” nalo halichoreki kirahisi, lakini kikombe kilichojaa hadi ukingoni kinachoreka.)